Shikamoo Iliyobaki Mfukoni Mwangu

Wewe, ukitumwa salamu, unazifikisha zote?

Mimi nilitumwa, na sikufikisha. Sikusahau wala sikupungukiwa lugha. Niliamua. Ninaandika habari za Nanay Isidra, yaani Mama Isidra, wa Lumban, mama wa kutarizi, kwa sababu uamuzi wangu ulimpata yeye.

Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni huko Ufilipino, upande wa pili wa ziwa kutoka Lumban, nasomea udongo na mbolea, siku alipokuja kunitafuta bwenini. Mwanamke mfupi, mkavu, amevaa gauni jeusi, mkononi jibini nyeupe ya maziwa ya nyati iliyofungwa kwenye jani la mgomba. Alisimama mlangoni akanipima kuanzia viatu.

"Wewe ndiye yule Mtanzania?"

"Ndiyo."

Watagalogi, wenyeji wa huko, wana ndiyo mbili. Kuna "oo" unayomwambia mwenzako, na kuna "opo" unayomwambia aliyekuzidi umri au cheo, na mtu usiyemjua. Vilevile wana kineno "po" wanachokichomeka ndani ya sentensi, mara nyingi baada tu ya neno la kwanza, na sentensi yote inainama. Mimi nilimjibu "oo". Nilikuwa najua vizuri nilichofanya.

Mama akatabasamu kidogo. "Jina lako?"

"Nestori."

"Nestor ni mchinja nguruwe wetu. Nilidhani Afrika mna majina yenu."

"Tunayo. Hili tuliletewa."

"Basi na sisi tuliletewa. Kula jibini."

Ndivyo tulivyojuana. Alikuwa na miaka sitini na nane. Tangu ana miaka tisa alikuwa ameketi mbele ya fremu ya mbao, akichomoa nyuzi moja moja kutoka kwenye kitambaa cha nyuzi za nanasi, akizihesabu, kisha akishona maua kwenye matundu yaliyobaki. Mashati ya maharusi wa Manila, na ya wakubwa wanaopigwa picha, yamepita chini ya kidole chake. Mumewe alikufa mapema. Mtoto alikuwa mmoja tu, Divina, mkunga, aliyekwenda Morogoro na shirika la kujitolea kufundisha wakunga wenzake. Huko akaolewa na fundi seremala aitwaye Zakayo. Huko akazaa binti. Na huko, Machi iliyopita, yeye aliyekuwa akiwaokoa wenzake wakati wa kujifungua, kifafa cha mimba kikamchukua pamoja na mtoto wa pili tumboni.

Nanay Sidra, kama wote walivyomwita kwa kifupi, hakumzika. Hakuwahi kumwona mkwe wake wala mjukuu wake. Kwao, kijana anayetaka kuoa huja na wazazi wake nyumbani kwa binti, wanapanda ngazi, wanaketi, wanakula, wanaomba. Zakayo hakuja. Nauli ya kuvuka bahari mbili fundi seremala ataitoa wapi? Mama alilijua hilo. Hata hivyo liliendelea kumuuma.

"Mtu amemchukua mwanangu wa pekee," aliniambia, "na hajawahi kuugusa mkono wangu."

Alikuwa na maana ya mkono hasa. Mtoto wa Kitagalogi akikutana na mkubwa husema "mano po", huuchukua mkono wa mkubwa na kuuweka kwenye paji la uso wake. Wajukuu wa jirani walimfanyia kila jioni, wamejipanga kama foleni ya maji. Wa kwake yeye alikuwa Morogoro.

Sasa Zakayo alikuwa amemwandikia, kwa simu ya marehemu, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na namba ya mama. Aliandika Kiingereza chake cha darasa la saba. Jovelyn, binti wa jirani anayefanya kazi ya kupokea simu za wateja wa Marekani, ndiye aliyemsomea. Ujumbe ulikuwa mistari miwili: kwamba anakuja Machi na mtoto, na kwamba mama ampe jibu.

"Nikamuuliza Jovelyn, mbona mkavu hivi?" Nanay Sidra alisema. "Akaniambia, Kiingereza hakina mahali pa kuweka po, shangazi. Kazini kwao wanaambiwa waseme 'sir' na 'ma'am' kila sentensi hata Wamarekani wanachoka. Anasema hiyo ndiyo po yao ya kulipwa. Sasa fundi seremala atazijua wapi hizo? Kiingereza ni nguo ya kuazima. Nimemwambia Jovelyn amwandikie huyo mtu aseme na mimi kwa lugha ya mama yake. Amesema. Wewe utaniambia amesemaje."

Hicho ndicho alichokitaka, na alikitaja waziwazi akiwa bado anakata jibini. Alitaka mjukuu aje. Lakini kwanza alitaka kusikia kama mtu anayemleta anamwona yeye kuwa mama, au anamwona kuwa nyumba ya kufikia.

Akanipa simu yenye ujumbe wa sauti. Nikaiweka sikioni.

"Shikamoo mama. Mama, mimi ni mwanao Zakayo. Samahani sana mama kwa kukusumbua. Najua nilikosa, mama, nilimchukua binti yako bila kufika kwako. Naomba radhi mama, niko chini ya miguu yako. Kama utaniruhusu, mama, mwezi wa tatu naomba nije na mtoto tuondoe msiba hapo kwako. Ukisema hapana, mama, nitapokea pia."

Kisha kikohozi, kisha sauti ndogo: "Shikamoo bibi. Mimi naitwa Isidra. Nimeng'oka jino."

Hapa inanibidi niseme nilikuwa nani. Nilikuwa kijana mwenye moto. Tangu kidato cha tano nilikuwa nimeapa kutomwamkia mtu shikamoo, kwa sababu niliaminishwa kwamba ni neno la watumwa, la kushika miguu ya bwana. Baba yangu mdogo hakusema na mimi mwaka mzima kwa ajili hiyo, na mimi nikajiona shujaa. Nilipofika Ufilipino nikaambiwa "po" nayo imetoka kwenye neno la kale la bwana, nikafurahi kama aliyekutana na adui yule yule katika nchi nyingine. Niliandika makala mbili kwenye gazeti la wanafunzi. Nilisema taifa halitasimama wima huku sentensi zake zimepiga magoti. Walimu nilikuwa nawaambia "oo". Walinisamehe kwa kuwa mgeni, nami nikadhani wameshindwa hoja.

Kwa hiyo nilipotoa simu sikioni, nilimwonea huruma Zakayo. Mwanamume mzima, fundi, mfiwa, yuko chini ya miguu ya mtu. Nikasema moyoni, mimi sitamtafsiri akiwa chini. Nitamsimamisha.

Nilichomwambia mama kwa Kitagalogi, ukikirudisha kwenye Kiswahili, kilikuwa hivi: "Anasema yeye ni Zakayo. Anasema alikosea kumwoa Divina bila kuja huku. Anataka kuja Machi na mtoto. Ukikataa, atakubali. Halafu mtoto anakusalimu, anaitwa Isidra, ameng'oka jino."

Hakukuwa na po hata moja.

Nanay Sidra alisikia jina la mtoto akafumba macho. Alipoyafumbua akauliza:

"Hakuna kingine?"

"Hakuna."

"Ndivyo anavyosema na mimi? Hivyo hivyo?"

"Ndivyo alivyosema."

Akanyoosha gauni lake magotini. Alikuwa bado anampa yule mtu nafasi, naiona leo.

"Lugha yenu haina po?"

"Haina neno hilo," nikasema. Na kweli, kineno kama hicho hatuna. Heshima yetu tumeitawanya. Iko kwenye shikamoo, kwenye naam na abee, iko kwenye "naomba" badala ya "nataka", na kwenye kumwita mtu mama kila baada ya maneno matatu. Ukitaka kuipeleka kwa Mtagalogi huna budi kuiokota kote huko na kuirudisha kuwa po. Mtoto yeyote wa kwetu mwenye lugha mbili angeweza. Mimi niliweza, na sikutaka.

"Sasa mama mkwe mnamsalimu vipi?"

"Kama watu wote," nikasema. "Tunasalimiana tu."

Huu ndio uongo. Yale mengine ningeweza kuyapamba kwa nadharia.

Mwenzangu wa chumbani aliingia, akaona uso wa mama, akatoka tena. Ndipo mama akaniambia niandae simu, nimjibu huyo mtu kwa Kiswahili. Alisema polepole, kwa Kitagalogi kilichonyooka: wasijisumbue, po. Safari ni ndefu, po. Yeye atamwombea marehemu peke yake, po.

Sikiliza hapa. Mama hamwambii mwanawe po. Po hupanda kwenda juu au hukaa kati ya wageni. Mkubwa akimwambia po mdogo wake wa nyumbani, amemtoa nje na kumfungia mlango taratibu. Mtoto wa miaka mitano wa Lumban angelijua hilo na angelia. Mimi nilizisikia zile po tatu, na unajua nilifikiri nini? Nilifikiri, ajabu, hatimaye anazungumza naye kama mtu sawa. Nikarekodi: "Zakayo, mama anasema msijisumbue, safari ni ndefu, atamwombea marehemu peke yake." Nikabonyeza.

Jibu lilikuja kabla mama hajapata jeepney, basi dogo la huko, ya kurudi. "Nimeelewa. Mwambie mama sitamsumbua tena. Simu hii ni ya marehemu, naizima." Nikamwambia, amesema ameelewa. Mama akasema vema. Aliniachia jibini iliyobaki.

Hiyo ilikuwa Novemba. Nilizoea kwenda Lumban Jumapili, kwa sababu alinikaribisha na kwa sababu nilipenda mchuzi wake mchachu wa samaki. Alinitania sana. "Mwafrika wangu asiye na po," aliwaambia wateja. "Mguseni, hang'ati." Alinifundisha kuhesabu nyuzi. Vidole vyangu vilikata kitambaa cha mtu mara mbili, naye akakesha akikiziba bila kunilaumu. Kumbe muda wote huo, akishona, alikuwa akiusikiliza ule ujumbe. Hakuelewa neno. Aliufungua ili asikie mtoto akisema "Isidra". Na ili umfikie mtoto, sharti umpitie baba.

Jumapili moja ya Januari aliniita kwenye fremu.

"Keti. Kuna kitu nimekihesabu."

Akafungua simu. Sauti ya Zakayo ikaanza. Akaisimamisha.

"Neno la kwanza. Shi-ka-mo." Akaipeleka mbele. Sauti ya mtoto. Akaisimamisha tena. "Neno la kwanza la mtoto ni lile lile. Wewe uliniambia mtoto ananisalimu. Salamu ya baba yake hukuniambia. Halafu huyu mtu ametaja 'mama' mara saba. Neno hilo nalifahamu, halihitaji mkalimani. Mara saba, Nestor. Wewe hukunitajia hata mara moja."

Nilitaka kumweleza historia. Nilikuwa na makala mbili nzima kichwani. Hakuningoja.

"Shikamoo ni nini?" akauliza.

"Ni mano po," nikasema. "Ndiyo mano po ya kwetu. Mtoto humwambia mkubwa. Maana yake, wanasema, ni kushika miguu."

"Na nyingine?"

Nikamwambia yote, sentensi kwa sentensi, kila "naomba" na kila "mama", na mahali pake nikaweka po. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuitamka po kwa kinywa changu, na ilitoka kwa niaba ya mtu mwingine. Nilipofika "niko chini ya miguu yako" aliinua mkono niache.

Hakulia. Sindano ilikuwa bado mkononi, uzi umening'inia.

"Kwa nini?"

"Sikupenda ainame."

"Ulimuuliza kama anataka kuinuliwa?"

"Sikumuuliza."

"Mwanamume yule alivuka bahari kwa sauti yake akaugusa mkono wangu," alisema, "na wewe ukaitia salamu yake mfukoni mwako. Kisha ukala samaki wangu miezi miwili."

Nikamwambia nitarekebisha siku ile ile. Nikarekodi ujumbe mrefu kwa Zakayo, nikakiri kila kitu, nikamwomba aje. Ukaonyesha tiki moja, maana yake umetoka kwangu lakini haujamfikia. Nikapiga, haipatikani. Siku iliyofuata vilevile. Jovelyn alijaribu kwa namba yake, vilevile. Nikamwandikia rafiki yangu wa Morogoro aende Kihonda kwenye nyumba aliyopanga Zakayo. Alichelewa wiki tatu, alikuwa na mitihani. Alipokwenda alimkuta mpangaji mwingine. Majirani walimwambia fundi aliuza randa na misumeno yake ya mezani mwezi wa kumi na mbili, akamchukua mtoto, wakaenda kusini kwenye kambi za kupasua mbao. Wengine walisema Tunduru, wengine walisema amevuka Ruvuma. Hakuaga vizuri. Mke wa mpangaji alisema kitu kimoja tu alichosikia: kwamba kule Ufilipino walimkataa.

Habari hizo nilizipeleka Lumban mchana, siku moja kabla ya mwaka kutimia. Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kuvua nguo nyeusi. Wanawake wawili walikuwa wakimenya vitunguu chini ya ngazi, na Jovelyn, aliyeomba ruhusa kazini, alikuwa akifuta viti vya kukodi. Nanay Sidra alinisikiliza akiwa amesimama.

"Kusini ni mbali?"

"Mbali. Lakini nikimaliza masomo nitamtafuta. Naapa. Nitakwenda kambi moja baada ya nyingine."

"Utamaliza lini?"

"Mwaka ujao. Mwezi wa saba."

Akatikisa kichwa kama mtu anayekubali bei ya kitu asichokinunua.

Jovelyn alikuwa ameacha kufuta. "Mwache aende, shangazi," alisema. "Akae huko huko. Huyu kazi yake ni kuwafundisha watu uhuru wao. Aende awafundishe wenye misumeno."

"Jovelyn."

"Po?"

"Mpe chakula."

Jovelyn akanipa sahani, akaiweka kwa nguvu mpaka mchuzi ukaruka.  Mama aliketi mbele yangu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu ile Jumapili. Alinyoosha kidole chake chenye alama za sindano akagonga meza mara moja.

"Mtu akiambiwa hiyo shikamoo, anajibu nini? Au ananyamaza tu na mkono wake?"

"Anajibu marahaba, po."

"Marahaba ni nini?"

"Ni kupokea. Ni kusema nimeiona heshima yako, karibu."

"Na usipojibu?"

Nilitazama mchuzi. "Ni kama umemkataa, po."

"Sema tena. Polepole."

Nikasema. Naye akasema. Silabi ya tatu ilimpa shida, akairudia mpaka wanawake wa vitunguu wakainua vichwa. Kisha akaniambia nirudi chuoni, nije asubuhi kama nataka, kwa sababu sala ni ya wote na hamfukuzi mtu kwenye sala.

Nilikwenda. Nilifika padri hajafika. Watu walikuwa wamekaa uani, chungu kikichemka. Nilipanda ngazi kumsalimu, nikasimama mlangoni kwa sababu nilimwona kabla hajaniona.

Alikuwa amekwisha kuvua nyeusi. Alivaa gauni la maua ya njano, jipya, lenye mikunjo ya dukani. Alikuwa ameketi kitandani, simu ameishika mbele ya mdomo kwa mikono miwili, kidole gumba kimebonyeza pale Jovelyn alipomwonyesha. Hakuna mtu aliyekaa naye wa kumtafsiria. Akasema, "Marahaba." Akapumua. Akasema tena, "Marahaba, mwanangu." Halafu akaendelea kwa Kitagalogi, kwa sauti ya chini ya kumwita mtu aje kula, bila po hata moja: njoo nyumbani, mlete mtoto, usiombe ruhusa, hapa ni kwako.

Akaachia kidole. Akavaa miwani na kukitazama kioo cha simu. Alikitazama mpaka Jovelyn akaita kutoka chini kwamba padri amefika. Akaiweka simu juu ya mto, kioo kikiangalia juu, akanipita mlangoni, akashuka kuwapokea watu. Nikainama kuangalia. Tiki ilikuwa moja.